Isabgoli: Dawa Inayodai Maji Yake na Saa Yake

Weka kijiko kimoja cha chakula cha isabgoli, kama gramu 5 hivi, kwenye glasi yenye maji mililita 250, kisha koroga. Kwenye kikombe kingine weka kiasi hichohicho, lakini maji yawe mililita 60 tu, yaani vijiko vinne vya chakula. Viache dakika kumi. Glasi ya kwanza itakuwa imegeuka mlenda mzito unaoteleza taratibu ukiiinamisha. Kwenye kikombe hutaona maji tena. Kipindue, na kilichomo kitabaki kimeng'ang'ania pembeni au kitadondoka kikiwa donge moja.

Donge hilo likijitengenezea ndani ya umio badala ya kikombe, una dharura ya hospitali. Mlenda ule wa glasi ya kwanza ukifika utumboni, una choo laini na kolesteroli iliyopungua kidogo. Isabgoli ni ileile na kipimo ni kilekile. Tofauti imeletwa na maji. Sehemu kubwa ya yanayofaa kujulikana kuhusu dawa hii, pamoja na sababu ya kuitenga na vidonge vingine, inatokana na tabia hiyo moja ya kunywa maji na kugeuka ute.

Isabgoli ni makapi, yale maganda mepesi yanayofunika mbegu za mmea ambao wataalamu huuita Plantago ovata. Hulimwa zaidi India, hasa katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan, na mji wa Unjha huko Gujarat ndio soko lake kuu. Huku kwetu wengi huikuta kwenye maduka ya viungo na dawa za Kihindi, na siku hizi pia kwenye rafu za famasi. Pakiti moja itaandikwa Isabgol, nyingine Ispaghula, nyingine Psyllium. Kilichomo ni kilekile, ila kwanza soma nyuma ya pakiti uone kama wameongeza sukari na ladha ya chungwa. Mwenye kisukari hana haja ya hiyo sukari.

Wagujarati wamezoea kuinywa na maziwa ya moto choo kinapofunga, na kwa mtindi tumbo linapoharisha. Asiyeijua atauliza ni dawa gani hiyo inayofungua na kufunga kwa wakati mmoja. Lakini mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo, na ukielewa kwa nini, umeielewa isabgoli.

Makapi haya yamejengwa kwa minyororo mirefu ya sukari ambayo mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuivunja. Bakteria wa utumbo mpana nao huivunja kidogo mno. Hapa ndipo isabgoli inapoachana na nyuzinyuzi nyingi tunazokula kila siku. Nyuzinyuzi za maharage, kwa mfano, nyingi huliwa na bakteria hao, zikageuka gesi, na maji zilizoyashika yakaachiwa njiani. Ute wa isabgoli hufika mwisho wa safari ukiwa bado umeshika maji yake.

Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Choo cha kawaida, takriban robo tatu yake ni maji. Yakipungua asilimia chache tu, mtu anaanza kujikaza chooni. Yakizidi asilimia chache, anaanza kukimbia. Isabgoli hukaa katikati ya mabaki na kukataa kunyang'anywa maji, hivyo kilichokuwa kigumu hulainika. Na pale maji yanapozidi, kama kwenye kuhara kwa kawaida, ute huohuo huyashika yaliyo huru na choo kikapata umbo.

Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa watu 170 wenye tatizo la muda mrefu la choo kigumu. Baadhi walipewa isabgoli gramu 5.1 mara mbili kwa siku, wengine dokuseti, dawa ya kulainisha choo iliyozoeleka sana mahospitalini. Baada ya wiki mbili maji kwenye choo cha waliotumia isabgoli yalikuwa yameongezeka kwa asilimia 2.3 hivi. Kwa wale wa dokuseti, hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Ukiisoma harakaharaka, asilimia 2.3 inaonekana haina uzito, lakini kwenye choo hicho ndicho kipimo kinachotenganisha kujikaza na kutojikaza.

Kumbuka pia isabgoli haifanyi nini. Sena na mafuta ya nyonyo huuchokoza utumbo ujikaze, ndiyo maana mtu akinywa usiku, alfajiri anaitwa. Isabgoli haichokozi chochote. Inabidi isafiri pamoja na chakula mpaka ifike, na kwa hiyo huchukua kati ya saa 12 na saa 72 kuonyesha kazi. Kosa linalojirudia ni la mtu anayekunywa leo, asione kitu kesho asubuhi, mchana akaongeza vijiko viwili, jioni vitatu. Siku ya tatu tumbo limejaa gesi na uzito, naye anaapa kwamba dawa hii haimfai. Haikupewa nafasi. Anza na dozi moja ndogo kwa siku, nusu kijiko cha chakula, ukae nayo siku nne au tano, ndipo uongeze. Gesi na tumbo kujaa ni mambo ya wiki ya kwanza, na mara nyingi hupungua yenyewe.

Kuhusu kijiko, kuna mtego. Makapi mazima ni mepesi na yana hewa nyingi: kijiko cha chakula kilichosawazishwa ni takriban gramu 5, cha chai takriban gramu 2. Lakini isabgoli iliyosagwa ikawa unga ni nzito zaidi, na kijiko kilekile kinaweza kubeba karibu mara mbili. Aliyezoea makapi akahamia kwenye unga bila kubadili kijiko, ameongeza dozi bila kujua, tena bila kuongeza maji. Mwenye mzani mdogo wa jikoni apime mara moja tu, aone kijiko chake kinabeba gramu ngapi. Vidonge vya kapsuli navyo vina hesabu yake: vingi vina nusu gramu hivi, kwa hiyo gramu 5 ni kapsuli kumi. Anayemeza mbili kwa siku na funda la chai hawezi kuilaumu isabgoli kwa kutofanya kazi.

Sasa maji. Maelekezo ya Shirika la Dawa la Ulaya yanataka angalau mililita 30 kwa kila gramu ya makapi, yaani mililita 150 kwa gramu 5. Vibandiko vya Marekani vinataka glasi nzima ya mililita 240 kwa kila dozi. Mimi ningeshika hicho cha pili, kwa sababu ya jinsi watu wanavyoinywa kweli, si jinsi kitabu kinavyosema. Mtu hubakisha kidogo chini ya glasi, au hutumia kikombe cha chai ambacho hakifiki hata mililita 200. Kipimo rahisi ni chupa ya maji ya nusu lita: nusu ya chupa changanya na isabgoli, nusu inayobaki kunywa baada yake. Hiyo ya pili husukuma ute uliobaki kooni na kwenye umio, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Tanguliza maji kwenye glasi, nyunyiza makapi juu, koroga, na unywe papo hapo kabla hayajavimba. Ukianza na makapi chini kisha ukamimina maji, hushikana pembeni na kuacha vidonge vikavu ndani. Usimeze makapi makavu kwa kijiko ukitarajia maji yafuate. Ukinyunyiza, nyunyiza taratibu bila kupeperusha vumbi. Kuna wauguzi na wafanyakazi wa viwandani waliopata mzio wa isabgoli kwa kuvuta vumbi lake kwa muda mrefu, na mtu aliyekwisha pata mzio huo anaweza kubanwa na pumzi akiila. Kunywa ukiwa umekaa au umesimama, na usinywe ukiwa unakwenda kulala. Ukilala, unameza mara chache, mate yanapungua, na kilichobaki kwenye umio hakina cha kukishusha.

Kukabwa si hadithi ya kutisha watu. Mwaka 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliondoa kwenye orodha ya dawa za choo zinazouzwa bila cheti isabgoli ya chengachenga, kwa sababu watu walikuwa wakizibwa umio licha ya onyo kwenye kopo. Chenga zilimezwa zikiwa bado kavu ndani, zikavimbia njiani. Dalili ni maumivu ya kifua mara baada ya kumeza, mate kushindwa kushuka, kutapika, au pumzi kubana. Mtu wa hivyo anapelekwa hospitali mara moja, na asimiminiwe maji zaidi mdomoni wakati hata mate yake mwenyewe hayapiti.

Kwa sababu hiyo, yeyote mwenye shida ya kumeza asiitumie kabisa, iwe shida hiyo imetokana na kiharusi, umio mwembamba au ugonjwa mwingine. Mzee aliyelala kitandani na kunywa maji kwa kijiko haifai kumpa, hata kama choo kimemsumbua wiki nzima. Wagonjwa wa moyo au figo waliowekewa kikomo cha maji kwa siku wako kwenye hali ya kipekee: isabgoli inadai maji ambayo daktari amekataza. Hapo inatafutwa dawa nyingine ya choo. Kupunguza maji ya isabgoli si suluhisho.

Wapo pia wale ambao tumbo lao tayari limeziba. Mzee hajapata choo siku kumi, kisha ghafla anaanza kutoka uharo mwembamba unaochafua nguo bila yeye kujua. Nyumbani watasema tumbo limefunguka, au kinyume chake, anaharisha, apewe kitu cha kufunga. Mara nyingi ni donge gumu lililokaa kwenye njia ya haja kubwa, na maji yanapenya pembeni yake. Kuongeza isabgoli nyuma ya donge hilo ni kuongeza foleni kwenye barabara iliyofungwa. Donge linatolewa kwanza, na mtaalamu, ndipo isabgoli itumike kuzuia lisirudi. Vivyo hivyo kwa anayetumia mofini au dawa nyingine kali za maumivu za jamii hiyo: utumbo wake umelazwa, hausukumi, na kumwongezea ujazo si kumsaidia. Na choo kilichobadilika tabia ghafla kwa zaidi ya wiki mbili, au chenye damu, au kinachofuatana na kukonda, kinataka uchunguzi kabla ya isabgoli.

Kolesteroli ni habari nyingine, ingawa ute ni uleule. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza asidi za nyongo. Tunapokula, nyongo humwagwa kwenye utumbo mwembamba kusaidia kumeng'enya mafuta, na ikimaliza kazi, takriban asilimia 95 ya asidi hizo hunyonywa tena kuelekea mwisho wa utumbo huo na kurudishwa kwenye ini. Mwili haupendi kupoteza. Ute wa isabgoli ukikutana na nyongo hapo katikati huikamata sehemu yake na kuondoka nayo chooni. Ini linajikuta na upungufu, na ili litengeneze nyongo mpya inabidi livute kolesteroli kutoka kwenye damu, hasa ile ya LDL, ambayo kwenye majibu ya maabara ndiyo tunayoambiwa mbaya.

Mara nyingine husikia wauzaji wakisema isabgoli huyeyusha mafuta au husafisha mishipa. Haifiki kwenye mishipa. Haiingii hata kwenye damu. Kazi yake yote huifanyia ndani ya bomba la utumbo, kwa kulidhulumu ini nyongo yake.

Ukielewa hivyo, unajua pia lini ya kuinywa. Nyongo humwagwa wakati wa kula. Isabgoli inayonywewa saa tatu baada ya chakula itasaidia choo, lakini kwa kolesteroli imechelewa, na majaribio yaliyolinganisha yameonyesha hivyo: ikichanganywa na chakula inapunguza LDL, ikinywewa kati ya milo haifanyi la maana. Kwa choo pekee, saa si tatizo. Kwa kolesteroli, inywe pamoja na mlo, au dakika chache kabla ya tonge la kwanza.

Kiasi kinachotakiwa kwa kolesteroli ni kikubwa kuliko cha choo. Marekani, tangu mwaka 1998, inaruhusu watengenezaji kuandika kwamba isabgoli inaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo iwapo mtu atapata gramu 7 za nyuzinyuzi zake zinazoyeyuka kwa siku. Hizo ni takriban gramu 10 za makapi, yaani vijiko viwili vya chakula. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 28, ulikuta kwamba kiasi cha gramu 10 hivi kwa siku hupunguza LDL kwa milimoli 0.33 kwa lita, kwa wastani. Maabara zinazotumia miligramu zitaandika karibu 13.

Je, ni nyingi? Mtu mwenye LDL ya 4.1 atashuka hadi kama 3.8. Kwa aliyepona shambulio la moyo na kuambiwa ashuke chini ya 1.8, hiyo haitoshi hata kidogo, na anayeacha statini yake ili anywe isabgoli kwa sababu ni ya asili anajihatarisha. Thamani yake iko pengine. Kuongeza dozi ya statini mara mbili hushusha LDL kwa asilimia 6 hivi tu zaidi, na isabgoli inaweza kuleta kiasi kama hicho bila kuongeza dozi. Kwenye utafiti mmoja wa mwaka 2005, waliopewa simvastatini miligramu 10 pamoja na isabgoli gramu 15 kwa siku walishuka sawa na waliopewa simvastatini miligramu 20 peke yake. Kwa anayeumwa misuli dozi ya statini ikipanda, hilo ni jambo la kujadili na daktari wake.

Tumefika kwenye vidonge. Ute unaokamata nyongo hauna macho ya kutofautisha nyongo na dawa. Tembe ikiyeyuka katikati ya mlenda huo, sehemu yake hucheleweshwa kufika kwenye ukuta wa utumbo na nyingine inaweza kupita bila kunyonywa. Kwa dawa nyingi kuchelewa kidogo hakudhuru. Kwa chache, ambazo tofauti kati ya dozi inayotibu na isiyotosha ni nyembamba, kunadhuru: digoksini ya moyo, warfarini ya kuzuia damu kuganda, lithiamu, kabamazepini ya kifafa, na levothairoksini ya wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Madini ya chuma, kalsiamu na zinki pamoja na vitamini B12 navyo vinaweza kupungua. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu aongee na kliniki yake kabla ya kuanza, kwa sababu dozi hizo hazina nafasi ya kupotea.

Miongozo ya Ulaya inasema nusu saa hadi saa moja kabla au baada ya dawa nyingine. Vibandiko vya Marekani vinasema saa mbili. Chukua saa mbili kwa dawa zote, na kwa levothairoksini weka saa nne. Ukiweza kuchagua, dawa itangulie na isabgoli ifuate, kwa maana tembe iliyotangulia imekwisha yeyuka na kushuka, ilhali ute ulioingia na chakula unaweza kukaa tumboni kwa saa kadhaa.

Tatizo linaonekana sasa. Kolesteroli inataka isabgoli wakati wa mlo, na dawa nyingi nazo zimeandikwa zinywewe na mlo. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58, tumwite Mama Zuhura, mwalimu mstaafu wa Tanga. Ana tezi ya shingo, kisukari na shinikizo la damu, LDL yake ni 4.1 hata akiwa na statini, na choo humjia mara mbili kwa wiki. Anameza levothairoksini asubuhi kabla ya kula, amlodipini na metformini baada ya chai ya asubuhi, metformini nyingine baada ya chakula cha usiku, na atovastatini akienda kulala. Anakwenda famasi na pakiti ya isabgoli mkononi.

"Shikamoo mama. Hiyo kwa choo au kwa kolesteroli?"

"Marahaba mwanangu. Kwa vyote viwili. Jirani kaniambia ninywe asubuhi nikiamka na usiku nikilala."

Ushauri wa jirani unafaa kwa jirani. Kwa Mama Zuhura, asubuhi akiamka isabgoli itakutana na levothairoksini, na usiku akilala itakutana na statini, huku yeye mwenyewe akiwa amelala chali na ute kwenye umio. Baada ya miezi miwili vipimo vya tezi vinaweza kurudi vibaya, daktari apandishe dozi, na kumbe kilichobadilika ni glasi ya asubuhi.

Mpangilio wake unakaa hivi. Saa 12 asubuhi anameza levothairoksini na maji matupu. Saa 1 na nusu anakunywa chai, na baada yake amlodipini na metformini. Saa 7 mchana, akikaribia kula, anachanganya gramu 5 za isabgoli kwenye nusu ya chupa ya maji, anakunywa, anamalizia nusu ya pili ya chupa, kisha anakula. Hapo zimepita saa saba tangu levothairoksini na zaidi ya saa tano tangu metformini. Dozi ya pili haiwezi kuingia kwenye chakula cha usiku kwa sababu ya metformini ya usiku, kwa hiyo anaiweka saa 10 jioni pamoja na chai na kitafunwa, mhogo au andazi. Si mlo mkubwa, na nyongo itakayomwagwa si nyingi kama ya mchana, lakini ni bora kuliko kuinywa na tumbo tupu. Saa 1 usiku anakula na kumeza metformini, saa tatu baada ya isabgoli. Saa 4 usiku ni atovastatini, na kulala.

Haanzi na vyote hivyo siku ya kwanza. Wiki ya kwanza ni gramu 2 hadi 3 mchana tu. Wiki ya pili gramu 5 mchana. Akiona tumbo limetulia, wiki ya tatu anaongeza ya jioni. Kwa kuwa isabgoli hupunguza pia kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya kula, anapima sukari yake mara nyingi zaidi kipindi hicho. Metformini peke yake haishushi sukari kupita kiasi, lakini anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushuka zaidi ya alivyozoea na kuhitaji dozi ipunguzwe. Anayetumia warfarini, hata akitenga masaa vizuri, apimwe damu yake siku chache baada ya kuanza na tena anapoacha, na asiwe mtu wa kuinywa leo na kuiruka kesho.

Choo chake kinapaswa kubadilika ndani ya wiki mbili baada ya kufika dozi kamili. Kolesteroli hupimwa tena baada ya wiki nane hivi za dozi ileile, na siku hiyohiyo apime tezi pia, hata kama hajisikii tofauti. Mchoko, baridi isiyo ya hali ya hewa na uzito unaopanda ni dalili za tezi, lakini huja taratibu kiasi kwamba mtu huzizoea kabla hajazitilia shaka.

Ramadhani inavuruga mpangilio huu, kwa sababu milo na maji vyote vinabanwa usiku. Vidonge vilivyokuwa vimetawanyika kwa saa 16 sasa vina saa kumi na moja hivi, na sehemu yake ni usingizi. Mama Zuhura anaweza kumeza metformini kwenye futari, akanywa isabgoli gramu 5 na chakula cha saa 3 na nusu usiku akitoka tarawehe, akameza atovastatini na kulala saa 5 na nusu. Levothairoksini inaamka naye saa 9 na nusu alfajiri, nusu saa kabla ya daku, na metformini ya pili inakwenda na daku yenyewe. Dozi ya pili ya isabgoli haina pa kukaa, wala asiilazimishe kwenye daku. Daktari wake ndiye wa kuthibitisha saa mpya za metformini kabla mwezi haujaandama.